Sidi ya kupiga kwa redio ya gari ya zamani: ule ukimya katikati ya nyimbo unatoka namna gani?

MwanaKatuba

Jambo ba ndugu wote. Naomba ushauri kwa wale wanaojua mambo ya kugrave sidi. Niko na gari ya volani ya kuume, ilitoka Japani, redio yake ni ileile ya kiwandani, FM inaishia 90 kwa hiyo masteshoni mengi ya hapa Lubumbashi haiyakamati, USB haina, blutuzi haina, iko na mdomo wa sidi paka ule.

Sasa tuko na rekodi ya harusi ya dada yangu, orkestra ilipiga laivu, kijana wa meza ya miksa akatupa faili moja ya WAV, dakika 58 na sekunde 40 bila kukatika. Nikaikata vipande 9 ili niweze kuruka wimbo nikiwa njiani, nikavigeuza MP3, nikaongeza nyimbo 4 za pembeni za dakika 19 na sekunde 10 zote pamoja, nikagrave kwa Windows Media Player. Redio inaisoma muzuri. Shida ni kwamba kila kipande kikiisha kuna kimya kama sekunde 2, na pale njo sebene imepanda, gitaa ya solo inaita, watu wanapiga makelele, halafu kimyaaa, halafu inaanza tena sawa vile hakuna kitu kilitokea. Jumamosi nabeba wazee kuenda Likasi, sitaki kuwapigia sebene ya kukatikakatika. Kwa zile nyimbo 4 za pembeni ukimya naukubali, hata nautaka. Nifanye namna gani?

Kijana_Ruashi

Ya mukubwa unajisumbua bure, weka MP3 zote kwa sidi ya data, nyimbo 150 zinaingia, unasahau mambo ya ukimya.

MwanaKatuba

Nilishajaribu ndugu, inazungusha kidogo, inaandika ERROR, inatapika sidi.

Tonto Kamalondo

Kijana, angalia uso wa redio kwanza. Kama hakuna alama ya MP3 pale mbele, hiyo redio inajua paka sidi ya sauti, kwake faili za data ni kelele tu. Kwa gari za Japani za miaka ile zenye alama ile ni chache.

Katuba, jibu lako ni rahisi. Kwa Windows Media Player fungua Options, kisha Burn, utaona pameandikwa "Burn CD without gaps", tia alama pale, na diski iwe "Audio CD". Ukimya unaisha. Mambo mengine yote watakayokuambia hapa ni ya kukupotezea wakati.

Mama Bel-Air

Samahani niingilie, mimi ninagravea mama yangu mahubiri, yeye anasikilizia kwa gari ya mdogo wangu. Shida yangu ni kinyume ya yako, mhubiri mmoja anasikika chini sana, mwenye kufuata anapasua masikio, mama anashituka anasema nimewasha redio kwa nguvu. Nayo ni hiyo gap?

Mupiga_Bass

Mama, hapana, yako ni sauti kuwa juu na chini, haihusiani na gap. Palepale Tonto alisema, kuna "Apply volume leveling across tracks on audio CDs", tia alama, itakusaidia kwa mahubiri. Katuba wewe usiitie alama kwa harusi, maana programu inapima kila kipande peke yake, kipande cha taratibu kitapandishwa na cha sebene kitashushwa, utasikia sauti inaruka hasa pale ulitaka iteremke kama mto.

Sasa kwa swali lenyewe. Tonto amesema kweli nusu. Zile sekunde 2 zinawekwa na programu wakati wa kugrave, wimbo mmoja mmoja, na ukitia ile alama zinaondoka. Lakini utabaki na kitu kingine kidogo, kama kikohozi, kila mara wimbo unabadilika. Hicho kinatoka kwa MP3. Wakati wa kugeuza, MP3 inaongeza ukimya kidogo sana mbele na nyuma ya kila faili, haufiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa wimbo wa kawaida hakuna mutu atausikia. Kwa sebene yenye ngoma inayoendelea, sikio linaukamata mara moja, mguu unakosa hatua.

Kuna njia ya kujua ukimya wako unatoka wapi. Angalia saa ya redio wimbo ukiisha. Redio nyingi za zamani zikifika kwa gap iliyoandikwa ndani ya sidi, saa inahesabu kurudi nyuma, -0:02, -0:01, ndiyo wimbo unaanza. Kama saa inatembea kawaida na bado unasikia kimya, basi kimya hicho kiko ndani ya faili yenyewe, hata uweke gap 0 mara ngapi hakitatoka.

MwanaKatuba

Nimetoka kuangalia sasa hivi kwa gari, inahesabu kurudi nyuma kweli! Sikuwahi kuona. Basi nikiondoa gap nitabaki na hicho kikohozi?

Mupiga_Bass

Utabaki nacho, kama utaendelea na vipande vya MP3. Dawa ni kuacha vile vipande kabisa. Rudia ile WAV moja ya dakika 58, usiikate. Sidi ya sauti haihitaji faili nyingi ili iwe na nyimbo nyingi, inahitaji tu kuambiwa wimbo wa pili unaanza saa ngapi. Unaandika hayo kwa faili ndogo ya maandishi yenye mwisho wa .cue, na programu kama ImgBurn inaisoma.

Kwanza hakikisha WAV iko 44100, biti 16, stereo. Meza za miksa nyingi zinarekodi 48000 na sidi ya sauti haipokei hiyo. Kama uko na ffmpeg:

```
ffmpeg -i harusi_asili.wav -ar 44100 -ac 2 -c:a pcm_s16le harusi.wav
```

Zile nyimbo 4 nazo uzigeuze WAV vilevile. Kisha fungua harusi.wav kwa Audacity, sikiliza, andika kwa karatasi pale kila wimbo unaanzia. Faili ya cue itakuwa hivi, mimi nimeandika mwanzo tu na sehemu ya mwisho:

```
FILE "harusi.wav" WAVE
  TRACK 01 AUDIO
    INDEX 01 00:00:00
  TRACK 02 AUDIO
    INDEX 01 07:42:30
  TRACK 03 AUDIO
    INDEX 01 11:15:36
```

unaendelea mpaka 09, halafu:

```
FILE "wimbo1.wav" WAVE
  TRACK 10 AUDIO
    PREGAP 00:02:00
    INDEX 01 00:00:00
```

Umeona, zile 9 hazina PREGAP hata moja, muziki unapita bila kusimama. Za pembeni kila moja iko na sekunde 2 zake. Hivyo unapata vyote viwili kwa sidi moja, kitu ambacho ile alama ya Windows Media Player haiwezi, yenyewe inaondoa kwa zote ao inaacha kwa zote.

Pale watu wanajikwaa ni kwa namba ya mwisho. Siyo sehemu za mia. Sidi inagawa sekunde moja mara 75, kwa hiyo inaishia 74. Audacity ikikuonyesha dakika 11, sekunde 15.48, unachukua 0.48 mara 75, inatoka 36, njo ile 11:15:36 ya juu. Ukiandika 11:15:80 programu itakataa.

Kijana_Ruashi

Hesabu kwa ajili ya sebene 😂 si anunue tu ile modileta ya kuchomeka kwa tundu la sigara, simu inapiga kwa FM

Mupiga_Bass

Modileta ataipata, na lazima aiweke chini ya 90 maana redio yake haifiki juu. Inafanya kazi. Ila aliuliza sidi.

Tonto Kamalondo

Sawa Bass, nakubali hiyo ya MP3. Lakini tuangalie urefu. 58:40 na 19:10 inaleta 77:50, na gap 4 za sekunde 2 inakuwa 77:58. Sidi ya dakika 80 inaingia, ndiyo, lakini redio za zamani zilizoea sidi za dakika 74. Sidi inasomwa kutoka ndani kuelekea nje, zile dakika za mwisho ziko ukingoni kabisa, na njo pale redio iliyochoka inaanza kurukaruka, zaidi kwa barabara mbaya. Mimi ningetoa wimbo mmoja.

Mupiga_Bass

Yangu inasoma mpaka 79 bila shida, inategemea lenzi. Lakini ukitoa mmoja hupotezi kitu.

MwanaKatuba

Wa mrefu ni 4:52, nikiutoa na gap yake nabaki 73:04. Nautoa. Spidi niweke ngapi? Rafiki aliniambia 1x njo bora.

Tonto Kamalondo

Mashine za leo nyingi hazishuki hata mpaka hapo. Weka 8x ao 16x, usiweke 52x. Na ununue CD-R, usinunue CD-RW, ile ya kufuta inarudisha mwanga kidogo sana, redio ya zamani haiioni. Jina andika na kalamu laini ya sidi juu, usibandike karatasi, itakwama ndani ya mdomo na utafungua dashibodi yote. Na kama umeme wa mtaa wenu ni wa kukatika, ugrave kwa laptop yenye betri imejaa, ukikatika katikati sidi imekufa.

MwanaKatuba

Nimegrave. Kwa ImgBurn nilichagua "Write image file to disc", nikampa ile .cue. Ba ndugu, sebene inapita kutoka wa 4 kuenda wa 5 bila hata kupumua, na nikibonyeza kuruka inaruka sawasawa! Bado kitu kimoja, nikiruka kuenda wa 6 inaanza na kipande cha ngoma cha wimbo uliopita, kama nusu sekunde. Nikiuacha ufike wenyewe haisikiki.

Mupiga_Bass

Hiyo ni alama yako ya 6 imewekwa mapema kidogo. Isogeze mbele, nusu sekunde ni kama 37 kwa ile namba ya mwisho. Ila kwa laivu, mpiga ngoma akianza kabla ya wengine, sijui utaiweka wapi pa kumpendeza kila mutu.

Tonto Kamalondo

Ao ni lenzi inakosa mahali ikiruka, redio nyingine zinafanya hivyo. Jaribu sidi hiyohiyo kwa gari ingine kabla ya kugrave upya.

Mama Bel-Air

Mahubiri yamekaa sawa, mama ametulia. Sasa anauliza kama naweza kumkatia sala ya mwisho iwe wimbo wake peke yake, hiyo cue inafaa na kwa MP3 ao lazima WAV?