Benki imekata 500, bando halijaingia, na kila mmoja anirushia mwenzake

Mkerwa_wa_Pwani
Jamani, huu ni wizi au ni nini? Jumamosi saa mbili na nusu usiku, bando la shilingi 500 kupitia programu ya benki. Pesa zakatwa papo hapo, ujumbe wa benki waja mbio. Kwenye simu, hola! Salio lile lile, na mtandao haujatuma ujumbe wowote. Benki yasema: "Kwetu muamala umefaulu, uliza mtandao." Mtandao wasema: "Hatujaona kitu, rudi benki." Umefaulu kwa nani? Kukata ndiyo kufaulu? Mkikata mko macho, mkitakiwa kurudisha ati ni wikendi!

Bamburi_Boy
Una Okoa Jahazi wewe. Deni limemeza pesa. Lipa deni halafu nunua tena, ile ya kwanza itajirudi yenyewe.

Dada_Kongowea
Mimi nilituma pesa kwa nambari isiyo yangu, nikaupeleka ule ujumbe 456, zikarudishwa. Fanya hivyo, usilie.

Mlinganishi
Dada, 456 ni ya kurudisha muamala wa M-Pesa. Hizi zimetoka akaunti ya benki, hazikupita M-Pesa, kwa hivyo hana ule ujumbe wa kupeleka huko.

Bamburi, la deni ni kweli nusu. Kuna watu huongeza kredi wakadhani haikuingia, kumbe imelipia Okoa Jahazi. Lakini aliyekopa 100 hupewa 90 na hudaiwa 100. Deni hilo halimezi 500 nzima, na hata likikatwa, mtandao hutuma ujumbe. Hapa hakuna ujumbe. Tena ASINUNUE mara ya pili. Programu haijui kwamba unarudia, hiyo ni oda mpya yenye nambari mpya. Mtu huishia kukatwa 1,000 na kuwa na kesi mbili badala ya moja.

Sasa sikilizeni linalotokea nyuma. Aghalabu benki haizungumzi na mtandao moja kwa moja. Inakata akaunti yako kwanza, kisha oda inapelekwa kwa kampuni ya kati inayonunua kredi kwa jumla, na hiyo ndiyo inayoufikia mtandao. Majibu ni matatu: imeingia, imekataliwa, au kimya. Ikikataliwa, pesa hurudi zenyewe kwa dakika chache. Shida ni kimya. Benki haijui kama bando limetoka au la, na ikikurudishia kumbe limetoka, hasara ni yake. Kwa hivyo yangoja hesabu za pande zote zilinganishwe, na kazi hiyo mara nyingi hufanywa siku za kazi. Ndiyo maana la Jumamosi usiku huwa tatizo la Jumatatu.

Mkerwa_wa_Pwani
Kwa hivyo pesa zangu ndizo dhamana ya kimya chao? Hawana haya!

Mlinganishi
Ndivyo ilivyo, na sitawatetea. Lakini usiulize tena "bando langu liko wapi". Waulize hivi: "Nipeni nambari ya risiti ya mtandao." Ile nambari iliyo kwenye ujumbe wa benki ni ya benki, na mtandao hauwezi kuitafuta. Wakikupa ya mtandao, bando lilitoka, na mtandao utakwambia liliingia simu gani. Wakikosa, basi neno "umefaulu" halina ushahidi, wadai pesa kwa maandishi. Taja nambari ya simu, saa, kiasi na nambari ya benki. Kwa simu tu, kesho utaanza upya na mtu mwingine.

Bamburi_Boy
Wakikataa?

Mlinganishi
Yapeleke maandishi hayo Benki Kuu, wana tawi hapa hapa Mombasa. Lakini huko utaulizwa kwanza benki ilikujibu nini.

Mkerwa, swali moja. Laini hiyo imewahi kuhamishwa mtandao?

Mkerwa_wa_Pwani
Yangu la. Lakini bando lilikuwa la mama, na yeye alihama mtandao mwaka jana, nambari ile ile.

Mlinganishi
Ungeanza na hilo! Kuhama na nambari kuliruhusiwa Kenya tangu 2011, na bado kuna programu zinazobashiri mtandao kwa tarakimu za mwanzo. Huenda oda ilikwenda mtandao wa zamani. Ukinunua, tazama jina la mtandao kabla ya kubonyeza, na kama haikuruhusu kulibadilisha, usinunue hapo.

Dada_Kongowea
Ngoja. Mtandao wa zamani si ungekataa tu? Na umesema ikikataliwa pesa hurudi.

Mlinganishi
Hapo umenishika. Ingefaa zirudi. Labda kampuni ya kati haikufikisha jibu, labda benki imelishikilia. Kutoka huku nje sioni.

Mkerwa_wa_Pwani
Barua naiandika sasa hivi, na hilo la kukataliwa ndilo swali la kwanza.