Wauzaji wa jumla, hizi CSV zenu zinatutia hasara!

DadaVifaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimechoka na leo nasema. Nauza vifaa vya ujenzi mtandaoni, stoo ni ndogo, iko Dar. Kila mwezi msambazaji wangu ananitumia orodha ya bei kwa WhatsApp, faili la CSV lenye mistari 412. Kila mwezi siku mbili zangu zinaishia kusafisha uchafu wa mtu mwingine. Safari hii uchafu huo umenigombanisha na mteja.

Angalieni wenyewe bidhaa moja tu:

```
SKU,Jina,Unit,Bei
MS-075,Misumari inchi 3,KG,3800
MS-075 ,MISUMARI 75MM,Kg.,3800
ms-075,Msumari inchi 3,ctn,90000
```

Mistari mitatu, namba moja. Wa pili una spesi mwishoni mwa namba. Wa tatu ni herufi ndogo, na huo ni wa katoni ya kilo 25, si kilo moja. Hakuna popote palipoandikwa kwamba katoni ni kilo 25, mimi najua kwa sababu nazibeba.

Nilifanya kama tunavyoshauriwa siku zote. Nikaondoa spesi, nikaweka herufi kubwa zote, kisha nikabonyeza Remove Duplicates kwenye kolamu ya SKU. Excel ikabakiza mstari wa kwanza, ule wa kilo. Kumbe kwenye duka langu MS-075 ni katoni! Miezi iliyopita nilikuwa napandisha faili bila kufuta dabo, na mfumo wangu ukikuta namba imejirudia, mstari wa mwisho unafuta wa juu yake, kwa hiyo ilibaki katoni. Safari hii nikiweka faida yangu, bei ikaingia mtandaoni kuwa shilingi 4,500, na picha ya katoni iko pale pale.

Asubuhi nakuta fundi ameagiza katoni 6 na ameshalipa 27,000 kwa simu. Mzigo huo mimi nanunua 540,000. Nimemrudishia hela yake, ameniita tapeli, na simlaumu hata kidogo. Ninayemlaumu ni aliyetunga namba moja kwa vitu viwili. Nimempigia msambazaji, kijana wa ofisini ananijibu, "Dada, wateja wengine hawalalamiki."

Nyie mnafanyaje? Na kwa nini hata baada ya TRIM bado kuna mistari haikukutana na wenzake?

Kijana_wa_Shiti

Pole sana dada. Hapo tatizo ni spesi tu. Weka TRIM kwenye kolamu zote kisha hesabu dabo kwa COUNTIF, inayotoa zaidi ya 1 unafuta. Mimi nafanya hivyo kila wiki na sijawahi kupata shida.

DadaVifaa

Ndugu yangu, umesoma nilichoandika? Kufuta ndiko kulikoniumiza!

Babu_Stoo

DadaVifaa, pole. Nimefanya kazi ya orodha za bei miaka mingi, nikueleze nilivyoona.

Kwanza hiyo TRIM. Inaondoa spesi ya kawaida peke yake. Orodha iliyonakiliwa kutoka kwenye ukurasa wa mtandao mara nyingi huwa na spesi nyingine, yenye namba 160, ambayo kwa macho huwezi kuitofautisha na TRIM haiigusi. Kaipime kwa LEN. MS-075 ina herufi 6. Ukipata 7 baada ya TRIM, ndiyo hiyo. Andika hivi kwenye kolamu mpya, ile ya asili usiiguse:

```
=UPPER(TRIM(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160)," ")))
```

Sasa kubwa lenyewe. Usitafute dabo kwa SKU peke yake. Tengeneza shiti ndogo pembeni yenye kila namna waliyoandika kipimo: KG, Kg., kilo, zote ziwe KG. Zile ctn, katoni, karton ziwe CTN25, ila tu pale ambapo una hakika ni kilo 25. Kisha, namba safi ikiwa kolamu F na kipimo safi kolamu G, ziunganishe:

```
=F2&"|"&G2
```

Hesabu kwa hiyo kolamu. Namba moja, kipimo kimoja, bei moja: hiyo ni dabo ya kweli, futa. Kipimo kimoja ila bei mbili: usichague wewe, mpigie msambazaji. Namba moja vipimo viwili: hizo ni bidhaa mbili, zipe majina yako mwenyewe, MS-075-KG na MS-075-CTN25.

Na kabla ya kupandisha, gawa bei ya katoni kwa 25. Kwako inatoka 3,600, na kilo ni 3,800. Hiyo inaingia akilini, katoni lazima iwe nafuu kidogo. Ingetoka 152, ungejua kipimo kimekosewa kabla mteja hajakuambia.

Kijana_wa_Shiti, nawe angalia COUNTIF yako. Kama namba zako ni tarakimu tupu, yenyewe inaona 0045 na 45 ni kitu kimoja. Ukifuta hapo umefuta bidhaa halali. Ukiziunganisha na kipimo kama nilivyoonyesha, zinabaki maandishi na hazichanganywi.

Kijana_wa_Shiti

Duh. Zangu zote zinaanza na herufi, labda ndiyo maana. Ngoja nikaangalie.

MamaVipodozi_Mbsa

Na mimi naomba msaada hapo hapo. Nauza vipodozi Mombasa. Nikifungua faili, barkodi zote zinakuwa 6.16E+12. Nikaseivu, nikafungua tena, sasa kila barkodi inaishia na sifuri kumi. Hiyo ni spesi pia?

Babu_Stoo

Hapana mama, hiyo ni habari nyingine. Umelifungua faili kwa kulibonyeza mara mbili, Excel ikadhani barkodi ni hesabu, ikaifupisha, na uliposeivu CSV ikaandika kile kifupi. Tarakimu zilizopotea hazirudi kwenye faili hilo. Omba la asili, ulifungue kupitia Data, kisha From Text/CSV, ubonyeze Transform Data na kolamu ya barkodi uiweke Text kabla haijaingia.

Fundi_Juma77

Hiyo misumari ya 4,500 bado ipo? Nahitaji katoni mbili.

DadaVifaa

Fundi, hiyo bei ilikuwa kosa, ndicho kilichonileta hapa.

Babu, asante, nimekesha nayo. LEN imenionyesha mistari 19 yenye hiyo spesi ya 160, zote za nondo na mabati. Baada ya kuunganisha na kipimo nimekuta namba 37 zenye vipimo viwili. Thelathini na saba! Kwa hiyo hata kabla ya misumari nilikuwa nauza vitu kwa bei isiyo yake bila kujua. Dabo za kweli zilikuwa 22 tu.

Kilichonikwamisha ni skrubu. Kipimo kimeandikwa "pkt", hakuna idadi. Stoo nina pakiti za 100 na za 200, zote namba SK-040, bei moja. Kugawa hakunisaidii kwa sababu sijui nigawe kwa ngapi. Nimemwandikia msambazaji, ameisoma, kimya.

Babu_Stoo

Hizo usizipandishe. Pima pakiti kwenye mizani, ya 200 itakuwa na uzito karibu mara mbili, utajua ipi ni ipi stoo. Ila bei ni ya ipi, hilo ni yeye tu anayejua.

DadaVifaa

Nimezitoa dukani kwa sasa. Kesho naenda ofisini kwake na zile 37 nimezichapisha kwenye karatasi.