Supa yuza kila idara: tunabaki na ujuzi au tunabaki na lawama?

Mgeni wa Ipuli
Wakuu, kampuni yetu hapa Tabora inafungasha asali. Tumeingia ERPNext, mfumo wa kompyuta wa stoo, manunuzi na uhasibu, mwaka huu na konsalti anaondoka mwisho wa mwezi ujao. Anasema kila idara itoe supa yuza mmoja, afundishwe, naye awafundishe wenzake. Bosi anasema hiyo ni kupoteza muda, bora tuajiri kijana mmoja wa TEHAMA. Kipi kinadumu?

Reli ya Kati
Bosi wako ana akili. Supa yuza wa stoo unamtoa wapi? Watu wa stoo mausi wanaishika kama mpini wa jembe. Ajirini kijana, mpeni haki zote za System Manager, mlale usingizi.

Mama Stoo
Reli ya Kati, nimekaa stoo tangu enzi za leja za karatasi, na kila konsalti aliyepita alianza kwa kuniuliza mimi mzigo unaingiaje. Huyo kijana wako atamuuliza nani? Mpini wa jembe ndio umekulisha hapa mjini, ujue.

Reli ya Kati
Mama, sijakutaja jina. Lakini mwaka jana nimeona kwa macho yangu stoo moja mfumo unasema chupa 10,000, rafuni zipo 5,000. Nani aliingiza?

Mhasibu wa Isevya
Hapo umegusa penyewe, ila umemshika asiyehusika. Hilo la kuzidi mara mbili kamili nalijua, na mara nyingi halianzii stoo, linaanzia uhasibu.

Mzigo wa chupa tupu umekuja, tuseme 5,000 kwa shilingi 600, jumla 3,000,000. Mtu wa stoo anatengeneza Purchase Receipt, chupa zinaingia. Mfumo unaongeza mali stoo na kuweka 3,000,000 kwenye akaunti ya Stock Received But Not Billed, kusubiri ankara. Ankara inafika baada ya wiki. Mhasibu alitakiwa afungue ile ile Purchase Receipt, abonyeze Create, achague Purchase Invoice. Yeye anaanza Purchase Invoice mpya, tupu, anaandika kila kitu kwa mkono, halafu anaona kisanduku cha Update Stock na kukitiki kwa sababu kinasikika kama jambo jema. Chupa zinaingia tena. Hakuna ujumbe mwekundu, kwa sababu mfumo haujui kuwa ni mzigo ule ule.

Mwisho wa mwezi stoo wanahesabu, wanaona 10,000 kwenye skrini. Supa yuza wa stoo, aliyefundishwa vizuri kabisa mambo ya stoo, anafanya Stock Reconciliation, anarudisha 5,000. Anajiona amemaliza. Kumbe zile 3,000,000 zimeangukia Stock Adjustment kama hasara, na 3,000,000 nyingine bado zinaning'inia kwenye Stock Received But Not Billed wakati msambazaji keshalipwa.

Mama Stoo
NA BARUA YA KUJIELEZA ANAANDIKIWA NANI? Mimi niliandikiwa. "Upotevu wa vifungashio." Mhasibu kakaa pembeni anakunywa chai.

Mhasibu wa Isevya
Pole dada, nakuelewa. Ndiyo maana namjibu Mgeni kwamba konsalti wenu yuko sawa nusu. Supa yuza kwa kila idara ni vizuri, lakini makosa mabaya yanakaa kwenye kiungo cha idara mbili, na pale hakuna supa yuza wa mtu. Wa stoo anajua mlango wake, wa uhasibu anajua wake.

Mzee wa Kasulu
Sisi huku halmashauri tulikuwa na Epicor, sasa MUSE. Tatizo likitokea tunapiga simu makao makuu. Sioni haja ya hawa supa yuza.

Mwanga Sokoni
Mzee, MUSE ni ya serikali, ina watu wake. Huyu ana kampuni ya asali, akipiga simu makao makuu anajipigia mwenyewe.

Mimi naongea kutoka Kigoma, nimekuwa supa yuza wa manunuzi. Siri ni moja tu: mpe supa yuza haki zote. Mimi nilipewa System Manager, kila tatizo nilimaliza ndani ya dakika tano.

Mhasibu wa Isevya
Ndugu yangu, dakika tano hizo ndizo zinazomtoa jasho mkaguzi. Mwenye System Manager anaweza kujiongezea ruhusa yoyote: aagize, apokee, alipe, mtu mmoja. Supa yuza anatakiwa ajue kuliko wenzake, siyo aruhusiwe kuliko wenzake. Ukitaka uwanja wa kuchezea, omba nakala ya majaribio ya mfumo, irudishiwe data ya karibuni, avunje humo.

Mwanga Sokoni
Unaniita mwizi?

Mhasibu wa Isevya
Sijakuita chochote. Nimesema mkaguzi.

Reli ya Kati
Kigoma na haki zote, haya ndiyo mambo 😂

Mwanga Sokoni
Nyie watu wa Tabora treni ikisimama kwenu tu mnajiona makao makuu. Tuacheni. Mimi hoja yangu nyingine ni posho. Nilifanya kazi yangu na kufundisha wenzangu bila hata vocha. Nikaondoka. Niliyemwachia alikuwa na daftari langu, kurasa za picha za skrini, "bonyeza hapa, bonyeza pale". Mfumo ulipobadilishwa toleo vitufe vikahama, daftari likafa.

Mama Stoo
Hilo la posho umesema kweli. Bosi anadhani ujuzi unakuja pamoja na mshahara wa zamani.

Mgeni wa Ipuli
Sasa wakuu nimeingiwa hofu. Nitajuaje kama sisi tunalo hilo la chupa? Na likikutwa linarekebishwaje?

Mhasibu wa Isevya
Fungua General Ledger, chagua Stock Received But Not Billed. Kinachobaki kiwe ni mizigo iliyopokelewa na kweli inasubiri ankara. Ukikuta salio la miezi mitatu nyuma la msambazaji uliyekwisha kumlipa, kuna aliyeruka kiungo. Kisha fungua Stock Ledger ya chupa: utaona 5,000 kwa Purchase Receipt, na 5,000 nyingine kwa Purchase Invoice.

Kurekebisha, futa kwa Cancel ile Stock Reconciliation, kisha ankara, halafu utengeneze ankara upya kutoka kwenye Purchase Receipt. Kama malipo yameshafungwa na ankara, yafungue kwanza kisha uyafunge na mpya. Mwezi ukiwa umefungwa, msifungue kimyakimya. Mkuu wa fedha aamue.

Na kwa konsalti: asiondoke kabla supa yuza wa manunuzi, stoo na uhasibu hawajakaa pamoja wakapeleka mzigo mmoja toka oda hadi malipo, yeye akiwa ameweka mikono mfukoni. Halafu wafunge mwezi mmoja wenyewe, yeye akiwa bado mkatabani.

Reli ya Kati
Na kijana wa TEHAMA?

Mhasibu wa Isevya
Aajiriwe, atunze bakapu na watumiaji. Chupa hazijui.

Mgeni wa Ipuli
Nimemwonyesha bosi. Amekubali mwezi mmoja zaidi wa konsalti. Posho amekataa, anasema supa yuza watapewa cheti.

Mama Stoo
Cheti! Muulize kama kinapokelewa dukani hapo Ipuli.

Mwanga Sokoni
Bado nasubiri mtu afute hilo neno la mkaguzi.