Naomba ushauri: nimfuate vipi mjumbe wa bodi?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ni mhasibu mkuu hapa Unguja, miaka 21 kazini, natafuta kiti cha bodi, hasa kwenye kamati ya ukaguzi. Wasifu nimeufupisha: nimeondoa majukumu, nimeweka maamuzi niliyosimamia na hoja za ukaguzi zilizofungwa. Mjumbe mmoja wa bodi ya kampuni ya bima nimemfuata mara mbili, hujibu "tutakuita" (maana yake sote tunaijua). Nadhani nilikosea kumuomba kiti wakati hajawahi kuiona kazi yangu.

Sasa nataka kumuomba nusu saa tu, nimuulize bodi yao imepungukiwa na ujuzi gani. Je, atahisi nachungulia mambo ya ndani? Na mwajiri wangu hukata bima kwao: mgongano huo wa maslahi niutaje mwanzo, au nikishapendekezwa?