TIN yangu si feki! Yule dada wa uhasibu ananidhalilisha kwa makosa yake mwenyewe

Mzee wa Maturubai:
Wakuu, niko Posta natetemeka. Yule dada wa uhasibu, wote mnaopeleka mzigo pale mnamjua, kanisimamisha mapokezi mbele ya madereva, kapaza sauti mpaka Kigamboni wamesikia: "TIN yako feki!" Feki! Mimi!

Nikaomba nione kioo. TIN yangu inaishia 500, yeye kaandika 5OO, herufi O mbili! Mfumo umekataa, badala ya kukagua alichoandika kanigeukia mimi. TIN ni tarakimu tisa, herufi haimo hata moja. Hiyo O kaitoa wapi? Hela yangu imelala, na madereva wote wamesikia "feki"!

Mtoto wa Buza:
Pole, ila unalia kama umefiwa. Namba za kodi zote, ukiona duara ni sifuri. Kwisha.

Mzee wa Maturubai:
Mwambie yeye! Cheti nimempa mkononi! Mbele ya madereva!

Mama Leja:
Kaka pole, nami ni mhasibu. Kwenye kibodi sifuri na O ni majirani, na kwenye fonti nyingi hazitofautiani kwa macho. Mimi TIN za wauzaji naziweka kwenye Excel, safu ya A, natoa vistari vyote, halafu naandika pembeni:

```
=ISNUMBER(A2*1)
```

Ikileta FALSE, ndani kuna herufi au kistari kimebaki. Msitegemee kwamba namba hukaa kulia na maandishi kushoto, maana safu ikishawekwa kuwa ya maandishi, zote hukaa kushoto. Ila TRUE haithibitishi kuwa TIN ni ya huyo mtu, inasema tu Excel imeisoma kama namba.

Na wewe wa Buza, si zote. TIN sawa, kontroo namba sawa. Namba ya VAT inaishia na herufi, na ule msimbo wa uhakiki kwenye risiti ya EFD unachanganya herufi na tarakimu. Hapo usikisie, skani QR.

Muuza Vipuri:
QR ipi wakati risiti imepauka? Yangu ina duara mbili, ina maana nijaribu namna nne: 00, 0O, O0, OO. Na herufi ya mwisho sijui ni B au 8!

Binti Tandika:
Afadhali wewe. Mimi Excel imekula sifuri ya mwanzo kwenye simu za wateja wangu wote.

Mama Leja:
Dada, weka safu iwe Text kabla ya kuandika.

Mzee wa Maturubai:
Jamani, mimi nimeitwa FEKI!

Mtoto wa Buza:
Tumesikia mzee. Muuza Vipuri, risiti uliiweka wapi?

Muuza Vipuri:
Kwenye dashibodi ya gari, juani.

Mama Leja:
Karatasi ile inaandikwa kwa joto, jua linaimaliza. Piga picha siku hiyohiyo.

Muuza Vipuri:
Nimeshaibandika selotepu juu ili isifutike zaidi.

Mama Leja:
Uwii! Gundi ndiyo inaifuta kabisa!