Simu mbili za bei nafuu zenye chipu moja: ipi itacheza bila kukwama?

Kopo la Rangi

Shikamooni wakubwa. Nina umri wa miaka 15, na kwa miezi 11 nimekuwa nikiidondosha posho yangu ndani ya kopo la rangi nililolitoboa kifuniko. Juzi nimelifungua, na nilichohesabu kinatosha simu moja kati ya mbili ambazo nimezilinganisha mpaka macho yameniuma. Zote ni mpya, zina chipu ileile, RAM ya GB 4 na betri ya ukubwa uleule. Ya kwanza ina kioo cha pikseli 1080 kwa 2400 kinachojichora upya mara 90 kwa sekunde. Ya pili ina kioo cha pikseli 720 kwa 1600, mara 60 tu, na ni nafuu kidogo. Ninacheza mbio za magari na ule mchezo wa kurushiana risasi wenye wachezaji wengi. Moyo wangu uko kwa ya kwanza, lakini nikikosea sitapata kopo la pili hivi karibuni.

Baba Pacha

Marahaba, mwanangu. Mimi ningeanza na mtandao kabla ya simu. Watoto wangu walilalamika mwezi mzima kwamba mchezo unakwama, kumbe ruta nilikuwa nimeificha nyuma ya kabati la chuma. Nilipoihamisha, malalamiko yakaisha siku ileile.

Fundi Kimya

Baba Pacha ameeleza tatizo la kweli, ila silo analouliza kijana. Mtandao ukiyumba, gari lako huendelea kwenda vizuri huku magari ya wenzako yakirukaruka kutoka sehemu moja hadi nyingine. Chipu ikielemewa, kila kitu hukwama kwa pamoja, hata ukigeuza kamera tu ukiwa peke yako barabarani.

Sasa tuzungumzie vioo. Zidisha 1080 kwa 2400 utapata pikseli 2,592,000. Zidisha 720 kwa 1600 utapata 1,152,000. Kwa hiyo mchezo unaojaza kioo chote cha simu ya kwanza unaitaka chipu ipake rangi pikseli mara 2 na robo zaidi, katika kila fremu, na chipu yenyewe ni ileile. Ipo michezo inayokuruhusu kupunguza ukali wa picha ndani ya mipangilio yake, na hapo pengo hilo hupungua sana. Swali ni kama michezo yako miwili ina chaguo hilo. Kama haina, ningenunua ya pili bila kusita.

Mpiga Debe

Kwa heshima zote, fundi, kioo cha mara 90 ni laini hata kwa kukitazama. Achukue ya kwanza, kisha afungue chaguo za wasanidi programu kwa kugusa nambari ya muundo mara 7. Humo azime uhuishaji, awashe `Force 4x MSAA`, na aongeze RAM kwa kuazima nafasi ya hifadhi. Mimi nilifanya hivyo na simu yangu ikawa kama imezaliwa upya.

Fundi Kimya

Kuhusu kioo uko sahihi kwa menyu na kwa kusoma habari. Kuzima uhuishaji nako hufanya programu zionekane kufunguka haraka, na nadhani huko ndiko kuzaliwa upya ulikokuona, kwa sababu mipangilio hiyo haigusi kinachochorwa ndani ya mchezo. Ile `Force 4x MSAA` hulainisha kingo za michoro kwa kuiongezea chipu kazi, tena katika michezo inayotumia OpenGL ES 2.0 pekee, kwa hiyo kwenye simu dhaifu ni kumtwisha mzigo punda aliyekwisha kuchoka. RAM ya kuazima inatoka kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole mno kuliko RAM halisi. Inaweza kuzuia programu za nyuma zisifungwe, lakini fremu haitakuongezea.

Binti Mizani

Kwa nini hakuna anayetaja simu zilizotumika? Yangu ni ya mwaka 2018, ina Snapdragon 845, na kwenye michezo inaziacha mbali simu mpya nyingi za bei ya chini. Ninakiri kwamba betri yake imezeeka, huzima ghafla ikiwa bado inaonyesha asilimia 20, na masasisho ya usalama yalikoma zamani.

Fundi Kimya

Dada, nguvu ya chipu hiyo sibishi. Ila kwa mtu ambaye hana akiba ya kubadilisha betri, mimi naogopa.

Binti Mizani

Kuogopa ni haki yako. Mimi ningethubutu.

Kopo la Rangi

Nimerudi baada ya wiki 3. Mchezo wa risasi haukuwa na chaguo la kupunguza ukali wa picha, kwa hiyo nilinunua ya pili. Nilianza vibaya: niliweka michoro ya juu na fremu 60, na kwa dakika 8 hivi nilijiona mfalme. Kisha namba ya `FPS` pembeni ya kioo ikaanza kuyumba kati ya 38 na 52, na mgongo wa simu ukawa moto karibu na kamera.

Nikaamua kubadilisha jambo moja kwa wakati na kucheza dakika 20 kila mara, nikiandika daftarini. Kuzima vivuli kulisaidia kuliko yote. Kupunguza ubora wa rangi za kuta sikuuona ukileta tofauti. Kuvua kava kulichelewesha joto kwa dakika chache. Kisha nikajaribu kufunga fremu kwenye 40, nikitarajia nafuu, lakini nilihisi mkwamo kuliko kwenye 30, ingawa namba ilikuwa kubwa zaidi na haikuyumba. Hilo ndilo linalonishangaza.

Fundi Kimya

Macho yako hayakukudanganya, mdogo wangu. Kioo chako hujichora kila baada ya milisekunde 16.7. Fremu 30 zinagawanyika sawasawa: kila moja hukaa kwa michoro miwili ya kioo, yaani milisekunde 33.3. Fremu 40 hazigawanyiki, hivyo moja hukaa kwa mchoro mmoja na inayofuata kwa miwili, na kwenda huko kwa kuchechemea ndiko unakokuhisi. Kwenye kioo cha mara 90 ungepata kero kama hiyo kwa fremu 60, ila unaweza kukirudisha kioo kwenye 60.

Faida nyingine ya 30 ni kwamba, fremu ikikamilika kwa milisekunde 20, chipu hupumzika 13 zilizobaki, na ndiyo maana haifikii joto la kuilazimisha ijipunguze kasi.

Mpiga Debe

Nakubali kuhusu vivuli. Kuhusu fremu 30 kwenye mchezo wa risasi, sikubali. Adui mwenye 60 atakuona kabla hujamwona.

Fundi Kimya

Hapo una hoja, kaka. Akizima vivuli na 60 ikashikilia kwa dakika 20 bila kuyumba, aibakishe 60.

Kopo la Rangi

Haikushikilia, nilijaribu: dakika ya 14 ilianguka. Kwa hiyo nacheza risasi kwa 30 na magari kwa 60, kwa sababu mbio zinaisha kabla simu haijapata joto. Limebaki jambo moja. Nikiingia ramani mpya, mchezo huganda nusu sekunde mara tatu au nne, hata simu ikiwa baridi.

Binti Mizani

Hiyo ni hifadhi iliyojaa. Angalia umebakiwa na nafasi kiasi gani.

Fundi Kimya

Inawezekana. Inawezekana pia mchezo unatayarisha michoro yake mara ya kwanza inapohitajika. Ingia ramani hiyohiyo mara mbili mfululizo bila kuufunga mchezo, kisha utuambie kama mara ya pili unaganda.

Kopo la Rangi

Nafasi iliyobaki ni GB 3 tu kati ya 64, na nyingi imeliwa na video zangu za mbio. Nitajaribu kwanza kabla ya kuzifuta, nisije nikafanya mambo mawili kwa pamoja nikashindwa kujua lililosaidia.