MREJESHO: Mtoto wa mwaka na nusu anavuta sikio na kulia usiku

Niliuliza: "Mwanangu anavuta sikio, ana homa 38.4, usiku halali. Nimpe amoksilini iliyobaki?"

Asanteni wote. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Daktari alimulika masikio yote mawili: la kushoto ngoma yake ilikuwa nyekundu na imevimba, la kulia zima. Akasema kuvuta sikio peke yake si ushahidi, hata meno yanaweza kusababisha. Kwa kuwa ni sikio moja, homa chini ya 39 na mtoto anakunywa vizuri, tungoje siku mbili hadi tatu kwa parasetamoli tu. Ana kilo 10, hivyo mililita 6 za sharubati ya 120 mg kwa mililita 5, kila baada ya saa sita. Nisitie mafuta wala matone sikioni.

Kabla siku hizo hazijaisha ngoma ikatoboka na usaha ukatoka. Ajabu, kilio kikapungua, maana shinikizo limeshuka. Lakini usaha ndio ulibadilisha uamuzi: tukarudi, akaandikiwa amoksilini mpya kwa uzito wake. Homa imeisha, analala. Tutarudi sikio likaguliwe kama ngoma imeziba.